Pesa ya droo na faida ya duka: funga mwezi mmoja kwa njia zote mbili

Kuna maswali mawili yanayorudi kila mwanzo wa mwezi kutoka kwa wenye maduka. La kwanza: "Nimeuza vizuri mwezi mzima, mbona droo ni tupu?" La pili ni kinyume chake: "Droo imejaa, mbona naambiwa faida ni kidogo?" Yote mawili yana asili moja. Kuna njia mbili za kuamua shilingi iandikwe katika mwezi gani, na muulizaji ametumia njia moja huku akitarajia jibu la nyingine.

Njia ya kwanza ni msingi wa taslimu. Unaandika mapato siku pesa inapoingia, na unaandika matumizi siku pesa inapotoka. Njia ya pili ni msingi wa malimbikizo. Unaandika mauzo siku mteja anapochukua mali, hata kama atalipa mwezi ujao, na unaandika gharama katika mwezi ulioitumia, hata kama uliilipa zamani au hujailipa bado. Nadharia inaishia hapo. Kinachobaki ni kazi ya daftari, na njia rahisi ya kuielewa ni kuufunga mwezi uleule mara mbili na kuona majibu yanaachana wapi.

Nimechukua duka la vifaa vya ujenzi la fremu moja. Takwimu ni za mfano, ila mwenendo wake utautambua kama unafanya biashara Tanzania: pango linalolipwa miezi sita mbele, mzigo unaoletwa kwa mali kauli, na fundi anayekopa saruji mpaka mwenye nyumba amlipe.

Je, unahitaji njia zote mbili?

Kama hukopeshi, hukopeshwi, pango unalipa mwezi kwa mwezi na mali haikai dukani zaidi ya siku chache, msingi wa taslimu unakutosha. Genge la mboga halihitaji zaidi ya hapo. Lakini ukishakuwa na daftari la madeni, au msambazaji anayekuachia mzigo ulipe baadaye, taslimu peke yake itakudanganya, na itakudanganya zaidi katika mwezi ule unaoonekana mzuri. Msimamo wangu kwa duka la namna hii ni kwamba daftari la pesa liandikwe kila siku, na hesabu ya malimbikizo ifanywe mara moja kwa mwezi. Ukiwa na madaftari yaliyotimia, ni kazi ya jioni moja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku ya pesa, yenye upande wa kuingia na upande wa kutoka. Pesa ya simu inaandikwa humu humu, kwa sababu pesa iliyoingia kwenye Lipa Namba ni taslimu sawa na ya droo.
- Daftari la wadaiwa: nani amechukua nini, lini, kwa bei gani, amelipa kiasi gani.
- Daftari la wasambazaji: mzigo uliopokelewa ambao hujaulipia. Ankara zake zibandike au zihifadhi pamoja nalo.
- Taarifa ya miamala ya simu ya mwezi mzima, na ya benki kama unayo akaunti.
- Orodha ya mali yote iliyokuwepo siku ya kwanza ya mwezi, kwa bei ya kununulia.
- Kikokotoo, na mtu wa pili wa kusoma namba wakati unahesabu stoo.

Kama orodha ya mali ya mwanzo wa mwezi huna, usiibuni. Hesabu mali leo jioni, iwe ndiyo mwanzo wako, na ufunge mwezi unaokuja.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu pesa zote jioni ya siku ya mwisho.

Baada ya kufunga duka, hesabu droo, salio la simu na salio la benki. Jumlisha. Katika duka letu, tarehe 1 Januari kulikuwa na 500,000, na tarehe 31 Januari jioni kuna 1,950,000. Pesa imeongezeka kwa 1,450,000. Namba hii iandike pembeni, maana utaitumia kuhakikisha daftari lako la pesa halina mwanya.

Onyo: usichanganye na pesa ya kibubu chako, ya kikoba, wala ya uwakala wa simu kama unaendesha vyote kwenye meza moja. Mtaji wa uwakala una hesabu yake.

2. Andika matukio yote ya mwezi kwenye ukurasa mmoja.

Hapa usijiulize bado kipi ni faida. Orodhesha tu yaliyotokea. Duka letu lilianza Januari likiwa na mali ya 6,000,000 kwa bei ya kununulia, wateja wakidaiwa 800,000, na lenyewe likidaiwa na msambazaji 1,000,000 kwa mzigo wa Desemba. Kisha:

- Mauzo yaliyolipwa papo hapo, mkononi na kwa simu: 5,200,000
- Mauzo ya mkopo kwa mafundi: 1,500,000
- Wadaiwa wa zamani walilipa: 600,000
- Mteja alitanguliza pesa ya mabati atakayochukua Februari: 700,000
- Manunuzi ya taslimu: 2,400,000
- Mzigo wa mali kauli uliopokelewa, malipo Februari: 3,000,000
- Deni la Desemba lililolipwa kwa msambazaji: 1,000,000
- Pango la Januari hadi Juni, 150,000 kwa mwezi, lililolipwa lote: 900,000
- Mshahara wa kijana wa duka: 200,000
- Umeme, vocha, na makato ya miamala ya simu: 150,000
- Mlinzi wa usiku, bado hajalipwa ya Januari: 50,000
- Mwenye duka alichukua ya nyumbani: 400,000

Mstari wa mwisho una ubishi wake. Pesa uliyochukua ya ada ya mtoto au ya sokoni si gharama ya duka kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Ni wewe unachukua kilicho chako. Iandike, lakini iweke nje ya hesabu ya faida.

3. Funga kwa msingi wa taslimu.

Pita kwenye orodha na uchague mistari ambayo pesa iligusa mkono, basi.

Iliyoingia: mauzo ya papo hapo 5,200,000, madeni yaliyolipwa 600,000 na pesa ya mabati 700,000. Jumla 6,500,000.

Iliyotoka kwa ajili ya biashara: manunuzi 2,400,000, deni la msambazaji 1,000,000, pango 900,000, mshahara 200,000, umeme na mengineyo 150,000. Jumla 4,650,000.

Ziada ni 1,850,000. Ondoa 400,000 uliyochukua nyumbani, inabaki 1,450,000, ambayo ni ileile uliyoipata ulipohesabu droo katika hatua ya 1. Ikilingana hivi, daftari lako la pesa ni zima. Isipolingana usiendelee. Kuna pesa iliyoingia au kutoka bila kuandikwa, na hatua zote zinazofuata zitabeba kosa hilo.

Tazama pia kilichokosekana katika hesabu hii. Mzigo wa 3,000,000 uliopo stoo haumo. Saruji ya 1,500,000 waliyochukua mafundi haimo. Mlinzi hayumo. Kwa upande wa pili, pango la miezi mitano ambayo bado haijafika limo lote.

4. Hesabu mali iliyobaki.

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na bila hiyo msingi wa malimbikizo haufanyiki. Hesabu kila kitu dukani na stoo, zidisha kwa bei ya kununulia, jumlisha. Duka letu lina 5,700,000.

Kuna mambo manne ya kuangalia wakati wa kuhesabu.

Kwanza, tumia bei ya kununulia na si ya kuuzia. Ukitumia ya kuuzia unajiandikia faida ya mali ambayo hakuna aliyeinunua bado. Nauli ya kirikuu ya kuleta mzigo ni sehemu ya bei ya kununulia: mifuko 100 ikiletwa kwa nauli ya 50,000, kila mfuko umeongezeka 500.

Pili, bei zikiwa zimepanda katikati ya mwezi, chukulia kwamba mali ya zamani ndiyo iliyotoka kwanza. Misumari iliyobaki basi ihesabiwe kwa bei ya mzigo wa mwisho. Ukichagua utaratibu huu, usiubadilishe mwezi ujao.

Tatu, mali ya mali kauli iliyopo stoo ihesabu, ili mradi umeinunua na deni lake limeandikwa. Lakini kama msambazaji ameiweka kwako tu akikwambia "uza, isiyotoka nitaichukua," hiyo bado ni yake. Isihesabiwe, na deni lake liandikwe kadiri inavyouzwa. Vivyo hivyo mbao ambazo mteja ameshazilipia akaziacha kwako mpaka apate gari: ni zake.

Nne, saruji iliyoganda haina thamani ya mfuko mzima. Iandike kwa kiasi ambacho kweli utapata ukiiuza leo, hata kama ni sifuri. Rangi iliyokauka kopo nayo ni hivyo hivyo.

5. Funga kwa msingi wa malimbikizo.

Anza na mauzo. Swali ni moja: mali ipi iliondoka dukani Januari? Ya papo hapo 5,200,000 na ya mkopo 1,500,000, jumla 6,700,000. Ile 600,000 ya wadaiwa wa zamani haimo, kwa sababu mauzo yake yaliandikwa mwezi walipochukua mali. Na 700,000 ya mabati haimo, kwa sababu mabati hayajatoka. Mpaka mteja ayachukue, pesa hiyo ni deni lako kwake.

Sasa tafuta gharama ya mali iliyouzwa:

- Mali ya mwanzo: 6,000,000
- Ongeza manunuzi yote ya mwezi, ya taslimu na ya mali kauli: 5,400,000
- Jumla ya mali iliyowahi kuwepo: 11,400,000
- Toa mali iliyobaki: 5,700,000
- Gharama ya mali iliyouzwa: 5,700,000

Namba mbili za mwisho zimefanana kwa bahati ya mfano huu tu, zisikuchanganye. Toa gharama hiyo kwenye mauzo: 6,700,000 ukitoa 5,700,000 ni faida ghafi ya 1,000,000, karibu asilimia 15 ya mauzo. Asilimia hii ikariri. Mwezi hadi mwezi huwa haisogei sana katika duka lilelile, na ikiruka ghafla ndiyo itakayokuonyesha kosa, kama utakavyoona mbele.

Kisha toa gharama za mwezi. Pango ni la mwezi mmoja tu, 150,000. Mshahara 200,000. Umeme na mengineyo 150,000. Mlinzi 50,000, hata kama atalipwa tarehe 5 Februari, kwa sababu usiku aliokesha ni wa Januari. Jumla 550,000.

Faida halisi ya Januari: 450,000.

6. Jenga daraja kati ya majibu mawili.

Taslimu imesema 1,850,000. Malimbikizo yamesema 450,000. Hakuna iliyokosea, lakini tofauti ya 1,400,000 lazima uweze kuieleza kwa majina. Anza na faida ya 450,000, halafu jiulize kwa kila deni na kila mali: hii imenipa pesa au imeninyima?

- Wadaiwa wameongezeka kutoka 800,000 hadi 1,700,000. Umekopesha zaidi ya ulivyokusanya: toa 900,000.
- Mali stoo imepungua kwa 300,000. Kiasi hicho kimegeuka pesa: ongeza 300,000.
- Deni la wasambazaji limepanda kutoka 1,000,000 hadi 3,000,000. Umeshikilia pesa ya wengine: ongeza 2,000,000.
- Pesa ya mabati uliyotangulizwa: ongeza 700,000.
- Pango la miezi mitano ijayo: toa 750,000.
- Mlinzi ambaye hajalipwa: ongeza 50,000.

Fuatisha kwa kikokotoo utaona inafika 1,850,000 kamili. Mtu akiniuliza tofauti ya njia hizi mbili ni nini hasa, huwa namwonyesha mistari hii sita badala ya kumpa maelezo. Duka lako litakuwa na mistari yake, pengine mitatu, pengine minane, lakini yote itakuwa ya aina hizi: wateja, wasambazaji, stoo, na vitu vilivyolipwa mapema au kuchelewa.

7. Tumia kila jibu mahali pake.

Jibu la malimbikizo linakwambia kama duka linazalisha. Kama faida ghafi ni ndogo kuliko gharama zako za mwezi, hakuna kiasi cha pesa kwenye droo kitakachokuokoa, na suluhisho liko kwenye bei, kwenye aina ya mali unayouza, au kwenye gharama zenyewe.

Jibu la taslimu linakwambia kama utafika mwisho wa Februari. Angalia duka letu: droo ina 1,950,000, lakini Februari linatakiwa kumlipa msambazaji 3,000,000 na mlinzi 50,000, na bado mabati ya mteja yanunuliwe. Mwenye duka akiiona ile 1,950,000 akanunua friji, Februari atamkimbia msambazaji. Pesa ya kumlipa ipo, ila iko kwa mafundi (1,700,000) na stoo. Kazi ya Februari ni kukusanya madeni kabla ya kuagiza mzigo mwingine.

Kuna kipimo cha tatu ninachokipenda kuliko vyote viwili, nacho ni cha dakika tano. Jumlisha ulivyo navyo tarehe 31: pesa 1,950,000, wadaiwa 1,700,000, mali 5,700,000, pango lililotangulia 750,000. Jumla 10,100,000. Toa unavyodaiwa: msambazaji 3,000,000, mwenye mabati 700,000, mlinzi 50,000. Kinabaki 6,350,000. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe 1: pesa 500,000, wadaiwa 800,000, mali 6,000,000, ukitoa deni la 1,000,000, unapata 6,300,000. Droo imepanda kwa 1,450,000, lakini chako halisi ndani ya duka kimepanda kwa 50,000 tu. Ndiyo ile faida ya 450,000 ukitoa 400,000 uliyopeleka nyumbani. Kwa duka hili, nyumbani inakula karibu kila kinachozalishwa, na jambo hilo droo isingelisema.

Na kodi?

Hapa niko kwenye sheria za Tanzania. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kampuni inatakiwa itumie msingi wa malimbikizo. Mtu binafsi mwenye biashara anaweza kutumia mojawapo, lakini akishachagua hawezi kurukaruka: kubadilisha njia kunahitaji maombi ya maandishi kwa Kamishna. Kwa hiyo usifikirie kwamba mwaka wa mauzo ya mkopo utatumia taslimu, na mwaka wa madeni mengi ya wasambazaji utatumia malimbikizo.

Kutumia taslimu hakukuondolei kuhesabu mali pia. Kwa anayetozwa kwa faida, mali ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka huingia kwenye hesabu ya kodi kwa njia zote mbili, hivyo huwezi kununua mzigo mkubwa tarehe 30 Desemba ili kufuta faida ya mwaka. Wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kwa mauzo wanalipa kwa kufuata mauzo, si faida, kwa hiyo kwao kazi kubwa ni rekodi ya mauzo iliyo kamili.

Kama umesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, mauzo ya mkopo yana mtego wake. Kodi hiyo haisubiri mteja alipe. Inaanza kudaiwa kwa tukio litakalotangulia kati ya kutoa ankara, kupokea malipo, au kutoa mali. Fundi akichukua saruji leo kwa mkopo, unaweza kujikuta unapeleka kodi yake Mamlaka ya Mapato kabla hajakulipa hata shilingi. Liweke hilo akilini unapoamua nani umkopeshe na kwa muda gani. Madaftari, ankara na risiti vitunze kwa angalau miaka 5.

Makosa yanayojirudia

Kosa linaloongoza ni kuandika mauzo mara mbili. Fundi anachukua saruji Januari, unaandika mauzo ya mkopo. Februari analipa, kijana wa duka anaona pesa imeingia, anaandika mauzo tena. Tiba yake ni kuweka safu mbili upande wa kuingia kwenye daftari la pesa, moja ya mauzo ya leo na nyingine ya malipo ya madeni. Kila kinachoandikwa safu ya pili lazima kipunguze jina fulani kwenye daftari la wadaiwa.

La pili ni kuchanganya njia ndani ya hesabu moja: mauzo kwa malimbikizo, kwa sababu yanapendeza, na gharama kwa taslimu, kwa sababu bado hujalipa. Matokeo yake ni faida ambayo haipo kokote.

La tatu ni kubeba madeni yaliyokufa. Kama fundi amehama mji na simu haipokelewi, deni lake si mali tena. Likate kwenye daftari la wadaiwa na uliandike kama hasara ya mwezi huo. Usirudi nyuma kubadilisha mauzo ya mwezi aliochukua.

Jibu likikataa: pa kutafuta

*Pesa uliyohesabu hailingani na daftari.* Pitia taarifa ya miamala ya simu mstari kwa mstari kabla ya kumshuku mtu. Mara nyingi yaliyosahaulika ni makato na pesa aliyotumiwa mwenye nyumba au msambazaji moja kwa moja kutoka kwenye simu. Kama upungufu unagawanyika kwa 2, tafuta nusu yake: huenda malipo yameandikwa upande wa kuingia. Kama unagawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mauzo ya 54,000 yaliyoandikwa 45,000 yanaacha pengo la 9,000.

*Asilimia ya faida ghafi imeruka juu.* Karibu kila mara ni ankara ya mali kauli iliyosahaulika wakati mzigo wake umehesabiwa stoo. Jaribu katika mfano wetu: usipoandika ule mzigo wa 3,000,000, gharama ya mali iliyouzwa inashuka hadi 2,700,000 na faida ghafi inakuwa 4,000,000, karibu asilimia 60 ya mauzo. Hakuna duka la saruji na misumari lenye faida hiyo. Mpigie msambazaji, omba orodha ya ankara zako za mwezi, ulinganishe na daftari.

*Asilimia imeshuka sana.* Angalia kinyume chake: ankara imeandikwa lakini mzigo ulikuwa bado njiani siku ya kuhesabu, au kona ya stoo haikuhesabiwa. Kama hesabu ya mali ukiirudia inatoka ileile, basi kuna mauzo yasiyoandikwa, mali uliyopeleka kujengea kwako, au wizi. Ya kujengea kwako iandike kama uliyochukua nyumbani, kwa bei ya kununulia, na uone asilimia inarudi kiasi gani. Kilichobaki ndicho cha kuulizia.

*Daraja la hatua ya 6 halifiki.* Linganisha tofauti iliyobaki na kila tukio kwenye ukurasa wa hatua ya 2. Ikiwa sawa na pesa uliyochukua nyumbani, umeiingiza kama gharama upande mmoja na kuiacha upande wa pili. Ikiwa sawa na pango lililobaki, umeweka la miezi sita kwenye malimbikizo. Ikiwa ni namba isiyofanana na chochote, jumlisha upya daftari la wadaiwa jina kwa jina, kwa sababu jumla yake huwa inabebwa kutoka mwezi hadi mwezi bila mtu kuihakiki.

*Mwezi wa kwanza una matokeo ya ajabu.* Hiyo hutokea kwa anayetoka taslimu kwenda malimbikizo bila kuorodhesha madeni ya kuanzia. Kabla ya siku ya kwanza, andika nani anakudai na unamdai nani. Malipo yatakayokuja ya madeni hayo yatapunguza orodha tu, hayataingia tena kwenye mauzo wala manunuzi.